Je, wajua? Pampu inaweza kushindwa kuanza kwa sababu ya waya tu

Katika soko la Konyo Konyo, Juba, mwenye kisima kirefu mara nyingi huchukua umeme kutoka jenereta iliyo upande wa pili wa kiwanja, wakati mwingine jenereta ya jirani. Kebo hupita ukutani na juu ya mabati, kisha hushuka kisimani. Akiwasha, pampu hunguruma sekunde chache bila kutoa maji, halafu kinga hukata. Lawama ya kwanza huangukia pampu, na huenda ikavutwa juu bure.

Tuchukue mfano. Pampu ya fezi moja, volti 230, kilowati 1.5, hutumia ampea 10 hivi ikiwa inazunguka. Inapoanza, kwa muda mfupi sana, huomba zaidi ya mara nne ya hapo, tuseme ampea 45. Waya ni wa shaba, milimita za mraba 2.5: mita 70 kutoka jenereta hadi mdomo wa kisima, na mita 50 nyingine ndani ya kisima.

Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu unaohesabiwa ni mita 240, si 120. Hapa ndipo mafundi wengi hupunja hesabu. Waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa omu 7.41 kwa kila kilomita, basi mita 240 zina omu 1.78. Kwa ampea 10, volti 18 hivi hupotea njiani. Ni karibu asilimia 8 wakati kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni 5, lakini pampu iliyokwisha kuzunguka huweza kuvumilia.

Taabu iko kwenye kuanza. Mota iliyosimama, kwa umeme wa volti 230, ni sawa na ukinzani wa omu 5.1 tu. Ukiongeza omu 1.78 za waya, mkondo hushuka hadi ampea 33, na mota hubakiwa na volti 170 hivi. Hesabu hii ya haraka huzidisha hasara kidogo, ila haipotoshi. Sasa, nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti. Robo ya volti ikipotea, karibu nusu ya nguvu hiyo huondoka nayo. Mota za fezi moja zenye kapasita ya kudumu tu zina nguvu ndogo ya kuanzia tangu kiwandani, na chembe za mchanga zikiingia kati ya mapanga ya pampu, kilichobaki hakitoshi.

Kuna ubaya mwingine ambao hauonekani upesi. Kwa kuwa mkondo ni ampea 33 badala ya 45, kinga ya joto nayo huchelewa kukata. Mota husimama ikichemka muda mrefu zaidi. Anayepandisha kiwango cha kinga ili “isisumbue” anajitafutia gharama ya mota mpya.

Kujua kosa liko wapi hakuhitaji kuvuta pampu. Mtu mmoja ashike mita kwenye jenereta, mwingine kwenye mdomo wa kisima, na pampu iwashwe. Mita yenye uwezo wa kushika kipimo cha chini kabisa ndiyo nzuri, kwani tukio ni la haraka. Jenereta ikibaki karibu 230 na mdomo wa kisima ukashuka hadi 196 hivi, mwizi ni kebo ya juu. Zote mbili zikianguka pamoja, jenereta ni ndogo. Na volti zikibaki nzuri kotekote huku pampu ikinguruma tu, chunguza kapasita, kisha mchanga.

Kabla ya kununua waya mwingine, pima ule ulioandikwa 2.5. Mita 100 za waya wa shaba wa ukubwa huo, uzi mmoja, zina shaba ya kilo 2.2 bila kuhesabu plastiki. Roli ikiwa nyepesi kuliko hapo, ama nyuzi ni nyembamba ama ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani, umeuziwa aluminiamu.

Tiba nayo huwa ya bei nafuu kuliko inavyodhaniwa. Kebo ya kisimani iache ilivyo, badilisha zile mita 70 za juu ziwe za milimita za mraba 10. Ukinzani wote hushuka hadi omu 1 hivi. Pampu ikizunguka hupoteza volti 10, ndani ya asilimia 5, na wakati wa kuanza mota hupata 192. Nguvu ya kuanzia hupanda kutoka asilimia 55 hadi 70 ya ile ambayo ingekuwapo kwa volti kamili, na hakuna bomba hata moja lililofunguliwa. Hiyo ikiwa bado haitoshi, ndipo pampu ivutwe na kebo ya ndani ibadilishwe.