Dola 500 Zinapofika Zimepungua

Mtafsiri wa Mombasa anapomtumia mteja wa Ulaya ankara ya dola 500, mteja hulipa zote, lakini zinazoingia mkononi Mombasa huwa pungufu. Sehemu ya pengo huandikwa kwenye risiti kama ada. Nyingine haiandikwi popote, kwa sababu imefichwa ndani ya bei ya kubadilisha fedha: dola hununuliwa chini ya bei ya soko, na tofauti humbakia mtoa huduma.

Mfano wa hesabu unaonyesha jinsi hilo linavyofanyika. Ikiwa dola sokoni ni shilingi 129, ankara hiyo ina thamani ya shilingi 64,500. Huduma ya mtandaoni inayokata asilimia 4 na senti 30 huacha dola 479.70. Ikizibadilisha kwa shilingi 125, mtafsiri hupata shilingi 59,962. Zimepotea zaidi ya 4,500, na kati ya hizo kama 1,900 zimeliwa na bei ya kubadilishia, wala haziitwi ada. Malipo ya namna hii pia yanaweza kupingwa: PayPal humruhusu mlipaji kufungua lalamiko ndani ya siku 180.

Benki ina mtego wake. Fedha zinazopitia mtandao wa SWIFT huweza kugusa benki moja au mbili za njiani, na kila moja hukata chake. Fomu ya mteja huwa na chaguo la OUR, SHA au BEN. OUR ni mlipaji kubeba gharama, SHA ni kugawana, BEN ni mpokeaji kubeba zote. Makato ya dola 30 huumiza ankara ya dola 100, lakini kwa ankara ya dola 3,000 ni asilimia 1 tu. Ndiyo maana benki hufaa zaidi kwa kazi kubwa, hasa kwa mwenye akaunti ya dola, anayeweza kusubiri bei nzuri. Fedha zikipungua bila maelezo, benki ya mteja iombwe nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, ambao huonyesha chaguo la gharama lililotumika.

M-Pesa ya Kenya hupokea haraka, na mpokeaji hatozwi kwa kupokea. Gharama iko upande wa mtumaji na katika bei ya dola, kisha kwenye kutoa taslimu kwa wakala. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Tena baadhi ya kampuni za kutuma fedha hukubali malipo ya kifamilia tu, hivyo malipo ya kazi huweza kuzuiwa.

Kipimo cha haki ni kimoja kwa njia zote: shilingi zilizopokewa zigawanywe kwa dola alizotoa mteja, kisha jibu lilinganishwe na bei ya soko ya siku hiyo. Katika mfano wa mtafsiri, jibu ni shilingi 119.92 kwa kila dola.