Kumuandikia Aliyekosa Darsa: Muhtasari wa Mawaidha Yaliyorekodiwa

Ndugu wanafunzi na wazee wetu, kila unapofika msimu wa karafuu darsa zetu hupunguka watu. Wengine wako makambini wanachuma, wengine wako nyumbani wanachambua na kuanika, na mama mwenye mgonjwa hatoki. Siku hizi mawaidha hurekodiwa kwa simu, lakini si kila mtu ana saa nzima ya kusikiliza. Ndipo mwanafunzi huambiwa: "Hebu nitolee yaliyo muhimu, uniandikie." Nataka nieleze namna ya kuifanya kazi hiyo, na nianze kwa kosa nililolifanya mwenyewe.

Miaka ya nyuma shekhe mmoja alitusomesha zaka baada ya sala ya Alasiri. Ami yangu alikuwa kambini, akanituma nimuandikie. Nilisikiliza rikodi mpaka dakika ya 30 hivi, nikaandika mistari minne, na mmoja wao ulikuwa: "Karafuu haina zaka." Shekhe aliyasema maneno hayo kwa ulimi wake, sikumzulia. Mwaka uliofuata ami akaniambia kwamba pesa zake za karafuu zimekaa tangu msimu uliopita na hakuzitolea kitu, kwa kuwa mimi nilimuandikia kuwa hazina zaka. Nikarudi kwenye rikodi, nikaisikiliza hadi mwisho. Kumbe katika dakika ya 52, wakati wa maswali, mzee mmoja aliuliza: "Na pesa zake je?" Jibu la shekhe lilianza kwa neno "lakini". Hilo "lakini" ndilo nililomnyima ami yangu.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Muhtasari unaweza kuacha visa, mifano, mashairi na dua za kufungulia, na msomaji asidhurike. Ukiiacha hukumu bila ya sharti lake, umemdhuru. Kwa hiyo usiandike kitu mara ya kwanza. Sikiliza rikodi yote, pamoja na maswali, huku ukiandika pembeni dakika tu: hapa hukumu, hapa dalili, hapa kisa, hapa amerudi kusahihisha. Mara ya pili nenda kwenye dakika zile, simamisha, sikiliza tena, ndipo uandike. Masikio yakae macho kwa maneno kama "lakini", "isipokuwa", "iwapo" na "kwa madhehebu yetu". Mara nyingi sharti huja mbali na hukumu yake, na pengine huja kwenye jibu la swali.

Angalia pia daraja ya neno. Shekhe akisema "inapendeza", usiandike "lazima". Akisema makuruhu, usiandike haramu, hata kama sauti yake ilikuwa kali. Ukali wa sauti si hukumu. Akitaja kauli za maimamu wawili, ziandike zote mbili na kila moja na mwenyewe, kisha useme ipi aliyoitilia nguvu. Na aya usiiandike kwa kusikia. Andika jina la sura na nambari, kisha fungua msahafu uhakikishe, kwani nambari husikika vibaya, na pengine msemaji mwenyewe ulimi humteleza.

Wale waliokuwa na kaseti watakumbuka shida nyengine. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na wakati wa kuigeuza maneno yalipotea. Simu nayo hukatika ikipigiwa au chaji ikimalizika. Usiijaze nafasi hiyo kwa kukisia. Andika: "Hapa sauti imekatika," kisha muulize aliyehudhuria.

Jambo hili la kumfikishia aliyekosa si geni katika dini yetu. Katika Sahihi ya Bukhari, kwenye Kitabu cha Elimu, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) anasimulia kwamba yeye na jirani yake wa Kiansari waliishi pembezoni mwa Madina, wakawa wanapokezana. Siku moja huteremka huyu kwa Mtume (S.A.W.), siku ya pili huteremka yule, na kila mmoja humletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo ya siku ile. Usiku mmoja jirani akarudi akigonga mlango kwa nguvu, akasema limetokea jambo kubwa. Umar akadhani Ghassan wameshambulia, kwani watu walikuwa wakiwahofia. Jirani akasema ni kubwa kuliko hilo: Mtume amewaacha wakeze. Umar akaenda kwa binti yake Hafsa, akamkuta analia. Akamuuliza kama wameachwa, akajibu hajui. Mwishowe akaomba ruhusa, akaingia kwa Mtume mwenyewe na kumuuliza kama amewapa talaka wakeze. Akajibiwa kuwa hapana. Alikuwa amejitenga nao kwa mwezi, na mwezi ule ulikuwa wa siku 29.

Yule jirani hakuwa muongo. Watu walikiona kitendo, nacho ni kujitenga, wakaelewa kuwa ni talaka, na yale waliyoyaelewa ndiyo yaliyobebwa hadi mlangoni kwa Umar. Mwenye kuandika muhtasari yumo katika hatari hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa na maelezo yako, yaweke chini kabisa ya karatasi, mbali na maneno ya shekhe, na uyatangulize kwa "mimi nimefahamu". Na Umar alivyofanya ni funzo kwa anayepokea pia: jambo zito alilifuata hadi kwa mwenyewe.

Sasa nikuonyesheni karatasi niliyomuandikia ami mara ya pili. Rikodi ilikuwa ya saa moja, nayo ilitoka katika ukurasa mmoja wa daftari:

"Darsa ya zaka ya mazao, baada ya Alasiri. Nimeisikiliza yote.
Kwa madhehebu ya Imam Shafi, zaka ya mazao ni katika chakula kikuu kinachowekwa akiba, kama mpunga, mtama na mahindi. Karafuu si chakula kikuu, kwa hiyo haitolewi zaka siku ya kuvuna. (dakika 24)
Imam Abu Hanifa anaona zaka imo katika kinachooteshwa na ardhi, fungu la kumi kwa kinachonyweshwa na mvua. Miongoni mwa dalili ni Sura Al-An'am, aya 141. Shekhe ameshika kauli ya Shafi. (dakika 31)
LAKINI pesa zilizopatikana kwa kuuza karafuu, zikifika nisabu na zikakaa mwaka mmoja wa Kiislamu tangu kuzipokea, zina zaka ya 2.5%, yaani shilingi 25,000 katika kila 1,000,000. (dakika 52, jibu la swali)
Kiasi cha nisabu hakukitaja kwa shilingi. Muulize kabla ya kutoa."

Angalia ule mstari wa mwisho. Ilikuwa rahisi kwangu kupiga hesabu na kumuandikia kiwango cha nisabu, lakini bei ya dhahabu na fedha hupanda na kushuka, na shekhe hakusema. Zile dakika kwenye mabano nazo zina kazi. Ami akitilia shaka jambo, hana haja ya kusikiliza saa nzima, huenda moja kwa moja kwenye dakika ya 52 akamsikia shekhe mwenyewe.

Kabla ya kuipeleka, nilimsomea karatasi mzee mmoja aliyekuwa darsani. Akanisahihisha pahala pamoja: mimi niliandika "zikikaa mwaka", yeye akasema shekhe alitaja mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kalenda ya ukutani. Nikarudi kwenye rikodi, nikakuta kweli. Ami akaipokea karatasi, akaenda kwa shekhe kuuliza nisabu, akatoa zaka ya pesa zake za msimu uliopita.