Hesabu ya Desemba

Tumchukue muuguzi wa Dodoma. Mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Faida ya genge lake ni 1,200,000 kwa mwaka. Jumla, milioni 12.

Kila mwezi huweka 150,000, hivyo anaamini anaokoa asilimia 15. Lakini akiba hupimwa kwa salio: la Desemba, toa la Januari. Kwake limeongezeka 600,000 tu, yaani asilimia 5. Zilizobaki alizitoa kidogo kidogo, nyingi zikalipia mkopo wa simu.

Mkopo huo wa 200,000 humtoza asilimia 10 kwa mwezi. Ule wa Saccos, milioni mbili, asilimia moja. Deni dogo ndilo ghali, basi lianze kuisha. Kwenye bima ya afya atazame tarehe ya mwisho na majina ya wategemezi, maana mtoto aliyezaliwa Machi huenda hajaandikishwa.

Lengo lake lilikuwa kiwanja. Kwa kasi hii kitasubiri. Mwakani alenge asilimia 8: shilingi 80,000 kwa mwezi, zikatwe siku ya mshahara, ziingie akaunti isiyounganishwa na simu.