Tano ya Luzira ni ipi?

Wiki yangu ya kwanza Luzira, Uganda, nilimsimamisha mwendesha bodaboda karibu na njia ya kwenda Port Bell, nikamuuliza nauli ya kunifikisha Nakawa. Akajibu, "Ttaano." Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kununua chapati, na muuza chapati alikuwa ametaja kitu kilichoishia na "taano" akapokea sarafu ya shilingi 500 bila neno, nikapanda nikiwa na amani kabisa. Tulipofika Nakawa nikamkabidhi sarafu ya aina ile ile, yenye picha ya korongo. Aliitazama, akanitazama, kisha akazima injini. Hapo nikajua kwamba safari haijaisha.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la silabi moja. Muuza chapati alisema "bitaano", yaani shilingi 500. Wa boda alisema "ttaano", yaani shilingi 5,000. Sokoni na stendi Waganda mara nyingi hawasemi "shilingi", wala "mia", wala "elfu". Jina la kiwango wanalimeza, wanabakiza tarakimu pamoja na kiambishi chake, na kiambishi hicho ndicho kinachobeba sifuri zote.

Mswahili hana sababu ya kuogopa jambo hili, maana kwa lugha yake analifanya kila siku. Tunasema vitabu vitano, nyumba tano, miti mitano, mayai matano. Hata nikikuficha nomino nikakutajia "mitano" peke yake, utajua sizungumzii vitabu. Luganda imefanya hivyo hivyo kwa hesabu. Mia moja ni ekikumi, na wingi wake ni ebikumi, ngeli ambayo sisi tunaijua kama ya ki-vi. Elfu moja ni olukumi, wingi wake enkumi. Elfu kumi ina jina lake lenyewe, omutwalo, wingi emitwalo, na hiyo ni ngeli yetu ya m-mi waziwazi. Makumi nayo ni amakumi. Sasa tia tano katika kila ngeli, kisha ufute nomino: ataano ni 50, bitaano ni 500, ttaano ni 5,000, etaano ni 50,000. Ni kana kwamba sokoni Kariakoo mtu angekuambia "vitano" akimaanisha mia tano, na "mitano" akimaanisha elfu hamsini, na wewe ukaelewa.

Uzuri wake ni kwamba fedha za Uganda zinafuata ngazi ya moja, mbili, tano, kwa hiyo kila thamani ya sarafu au noti imepata jina fupi lisilogongana na jingine. Sarafu ya shilingi 100, yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ni kikumi. Ya 200, yenye samaki, ni bibiri. Ya 500 tumeshaiona. Noti ya shilingi 1,000 ni lukumi, na jina hilo hilo limepewa sarafu ya 1,000 iliyotolewa mwaka 2012, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Noti ya bluu ya 2,000, ambayo ilikuja mwaka 2010 pamoja na toleo jipya la noti zote, ni bbiri. Ya kijani ya 5,000 ni ttaano, ya zambarau ya 10,000 ni mutwalo, nyekundu ya 20,000 ni ebiri, na ya manjano ya 50,000, kubwa kuliko zote, ni etaano. Sarafu ya 50, ataano, bado ni halali lakini ni nadra kurudishiwa kama chenji, na neno lenyewe utalisikia zaidi watu wakitaja umri.

Ikiwa kiasi kina mkia, huunganishwa kwa "mu", ambayo hapo inafanya kazi ya "na". Bbiri mu bitaano ni 2,500. Mutwalo mu ttaano ni 15,000. Ukishazoea, sikio linakamata kabla akili haijahesabu.

Mtego mmoja humnasa hata aliyekwisha kujiona mjuzi. Kuanzia sita, mpango wa ngeli unageuka. Mia sita haiwi "bikaaga", inakuwa lukaaga, na mia saba ni lusanvu. Mgeni aliyekariri kwamba lu- ni ya elfu, kwa sababu ya lukumi, akisikia nyanya ni lukaaga anakimbilia kudhani ni elfu sita. Elfu sita ni kakaaga. Mimi nilipoambiwa lukaaga nilitoa noti ya 5,000 na lukumi juu yake, na mama wa genge akanirudishia zote mbili huku akicheka. Akanionyesha kwa vidole sarafu mbili: bitaano na kikumi.

Juu zaidi kuna akakadde, milioni moja, wingi wake obukadde. Neno hilo lina mchezo ndani yake, maana omukadde ni mzee, kwa hiyo akakadde kwa sura yake ni kizee kidogo, na obukadde ni uzee wenyewe. Anayedaiwa obukadde bubiri, milioni mbili, ana haki ya kuona mvi zikimjia.

Majina ya fedha kwa jumla nayo yanafaa kuangaliwa karibu, kwa kuwa yamebaki baada ya fedha zenyewe kutoweka. Neno rasmi la Luganda, ensimbi, ni kauri, zile simbi zilizotoka pwani na kutumika kununulia vitu Buganda kabla ya sarafu. Ssente, neno la mtaani linalotumika kuliko yote, ni senti yetu, ingawa hakuna anayelipa kwa senti Uganda leo. Ennusu ni nusu ya rupia. Na pesa, ile sarafu ndogo ya enzi za rupia, imeishia kwenye shati: eppeesa kwa Luganda ni kifungo.

Katika majina ya viwango ndipo Luzira inapotofautiana na Nairobi au Dar es Salaam. Kule majina ya mtaani ni nomino za kukariri moja moja: soo ni mia, ngiri ni elfu, jero ni mia tano, buku ni elfu. Mengine yana watu ndani yake. Wakenya waliwahi kuiita noti ya shilingi 500 jirongo, kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, tangu kampeni za mwaka 1992. Majina ya namna hiyo huzeeka. Ya Luganda yametokana na sarufi, na noti mpya ikija itakuta jina lake limeshaandaliwa.

Hatari iliyobaki ni kwa wakala wa kutuma pesa kwa simu, ambako maneno lazima yageuzwe kuwa tarakimu. Etaano ni 50000 kwenye kioo na ttaano ni 5000, na vyote viwili vinasemwa upesi huku gari zikipiga honi. Usiulize "tano?", maana utajibiwa "eee" kwa vyovyote. Rudisha nomino iliyomezwa: "Enkumi ttaano oba emitwalo etaano?" Oba ni "au". Yule wa boda nilimlipa noti ya kijani, na tangu siku hiyo kabla sijapanda namuonyesha noti kwanza, namuuliza kama ndiyo hiyo.