Lebo ya mafuta ya ngozi: Andika unachoweza kuthibitisha

Iwapo wewe ni mkazi wa Thika au Ruiru, bila shaka umekutana na vikopo vidogo vya mafuta ya ngozi yaliyotengenezewa jikoni. Huuzwa sokoni Madaraka, kando ya barabara pale Kamakis, na siku hizi hata kupitia kwa simu, mteja akaletewa mzigo wake na mwendeshaji bodaboda. Mengi ya mafuta hayo hayana ubaya wowote. Mara nyingi hatari haimo ndani ya kikopo bali iko nje, kwenye lebo.

Makala haya ni ya wawili: wewe unayetengeneza na wewe unayenunua. Tuchukue mfano wa kikopo kimoja ambacho lebo yake imeandikwa hivi:

"Mafuta asili 100%. Hayana kemikali. Hutibu ukurutu na chunusi. Huondoa madoa kwa siku 7. SPF 30. Salama kwa mtoto mchanga. Gramu 100."

Ndani ya kikopo hicho mna siagi ya shea, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, vitamini E kidogo na mafuta ya mkaratusi ya kutia harufu. Mchanganyiko wa namna hii hulainisha ngozi kavu vizuri sana, kwa sababu mafuta na nta hutanda juu ya ngozi na kuzuia maji yake yasikauke. Hiyo ndiyo kazi yake. Hebu sasa tuitazame lebo, sentensi moja baada ya nyingine.

Neno "hutibu"

Katika Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya sheria za Kenya, kipodozi ni kitu cha kusafisha, kupendezesha au kubadilisha sura ya ngozi, nywele au meno. Dawa nayo ni kitu kinachotengenezwa, kuuzwa au kuelezwa kuwa ni cha kutibu, kupunguza au kuzuia ugonjwa. Angalia neno "kuelezwa". Mafuta ni yale yale, lakini ukiandika kwamba yanatibu ukurutu, umeyaita dawa kwa kalamu yako mwenyewe. Dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, nayo haiwezi kuuzwa hivi hivi kibandani.

Sheria kando, kuna mgonjwa. Mafuta humsaidia mtu mwenye ukurutu kwa kupunguza ukavu, na hata daktari humshauri ayapake kila siku. Lakini ngozi ikishavimba, ikawa nyekundu na kutoa majimaji, mafuta peke yake hayatoshi. Tena si kila upele unaowasha ni ukurutu. Huenda ikawa ni choa, au mashilingi kama wengi waitavyo, ambayo huletwa na kuvu na hutaka dawa ya kuua kuvu. Mzazi aliyeamini lebo hupaka kwa miezi miwili huku mtoto akizidi kujikuna na vidonda vikiingia uchafu.

Muuzaji atajitetea kwamba wateja wake wamepona. Huenda ni kweli kwamba waliona nafuu, lakini ukurutu una tabia ya kuja na kupoa wenyewe. Aliyepaka mafuta siku ambayo ugonjwa ulikuwa ukianza kupoa atayasifu mafuta. Ushuhuda wa mteja si thibitisho.

Ama chunusi, mafuta mazito kama ya nazi huweza kuziba vinyweleo vya uso na kuziongeza. Hapo lebo inaahidi kinyume cha kinachoweza kutokea.

Madoa kwa siku 7

Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban wiki 4 kujibadilisha. Kwa hivyo doa jeusi lililoachwa na chunusi haliwezi kufutika kwa siku 7 kwa kupakwa shea na nazi. Ikiwa krimu yoyote inaondoa madoa kwa kasi hiyo, inafaa kuogopwa. Huenda imetiwa steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. KEBS, yaani Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka wa 1998, lakini krimu za aina hiyo hazijakoma kuingizwa sokoni.

Hapa mtengenezaji mwenyewe anaweza kudanganywa. Wapo wanaonunua krimu kwa ndoo, isiyo na jina wala orodha ya viungo, wakaipakia upya vikoponi na kubandika neno "asili". Kama hujui kilichomo ndani ya ndoo, huna la kweli la kuandika juu ya kikopo. Mwambie aliyekuuzia akupe orodha ya viungo na jina la kiwanda. Akishindwa, mwachie ndoo yake.

SPF 30

Katika lebo nzima, hakuna neno linaloweza kudhuru kuliko hili. Nambari ya SPF haipatikani kwa kujumlisha viungo wala kwa kusoma kwamba mafuta fulani hukinga jua. Hupimwa katika maabara juu ya ngozi za watu waliojitolea. Hupakwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, kisha ngozi humulikwa kwa taa maalumu. Muda ambao ngozi iliyopakwa huchukua kuanza kuwa nyekundu hulinganishwa na ule wa ngozi isiyopakwa. Siagi ya shea na mafuta ya nazi hukinga kidogo mno, hata karibu na 30 hayafiki.

Wengine huongeza unga wa oksidi ya zinki wakidhani wametatua jambo. Zinki ni kinga kweli, ila ikikorogwa kwa mwiko jikoni hushikamana na kuwa madonge madogo yasiyoonekana kwa macho. Sehemu moja ya ngozi hupata kinga na ya pili hubaki wazi.

Thika na Ruiru ziko karibu sana na ikweta, tena katika mwinuko wa kama mita 1,500. Jua la hapa ni kali hata siku ya mawingu. Sasa fikiria mama mwenye mtoto aliye na ualbino anayenunua kikopo hicho kwa sababu kimeandikwa SPF 30. Ngozi ya mtoto huyo haina kinga yake ya asili, na saratani ya ngozi huweza kumshika angali kijana. Atapakwa kila asubuhi na kuachwa acheze juani, kumbe ni kama hakupakwa kitu. Mtoto huyo anahitaji losheni iliyopimwa, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kuwapa losheni hiyo walio na ualbino waliojiandikisha, na ni vyema mzazi aulizie katika hospitali ya serikali iliyo karibu naye.

Asili, kemikali na mtoto mchanga

"Hayana kemikali" ni maneno matupu, maana hata maji ni kemikali. "Asili" si kosa kuandikwa ikiwa ni kweli, lakini asili si sawa na salama. Mafuta ya mkaratusi ni ya asili kabisa, na bado mvuke wake ukimfikia mtoto mchanga puani unaweza kumletea shida ya kupumua. Kwa hivyo mafuta haya hayawezi kuitwa salama kwa mtoto huyo. Mtengenezaji atoe mkaratusi au afute ahadi.

Sifa nyingine ya kuangaliwa ni "haina vihifadhi". Kwa mafuta matupu yasiyo na maji, haina neno, kwa sababu vijidudu havimei pasipo maji. Lakini kwa krimu iliyotiwa maji au utomvu wa mshubiri, sifa hiyo ni onyo. Krimu ya namna hiyo huharibika kwa siku chache, na vijidudu huweza kujaa kabla hujaona ukungu au kusikia harufu mbaya.

Uzito na tarehe

Kikopo cha mililita 100 hakibebi gramu 100 za mafuta, kwa vile mafuta ni mepesi kuliko maji. Hubeba kama gramu 90. Pima kikopo kitupu, kisha kilichojaa, na uandike tofauti yake. Tuseme umetengeneza vikopo 10 kwa gramu 540 za shea, 252 za mafuta ya nazi, 90 za nta, 9 za vitamini E na 9 za mkaratusi. Jumla ni gramu 900, yaani 90 kwa kila kikopo. Orodha ya viungo nayo hufuata uzito, kizito kwanza.

Tarehe ya mwisho usiikisie. Isipite ile ya mafuta yatakayoharibika mapema zaidi kati ya uliyochanganya. Weka kikopo kimoja cha kila mchanganyiko nyumbani na ukinuse kila mwezi. Kikianza kunuka kama mafuta yaliyovunda, utajua tarehe uliyoandika ni ndefu mno.

Baada ya marekebisho, lebo yetu ingesomeka hivi:

"Mafuta ya kupaka mwilini. Hulainisha ngozi kavu. Viungo: siagi ya shea, mafuta ya nazi, nta ya nyuki, vitamini E, mafuta ya mkaratusi. Gramu 90. Paka kiasi kidogo baada ya kuoga. Jaribu kwanza ndani ya mkono na ungoje saa 48, ukiwashwa, usitumie. Usimpake mtoto wa chini ya miaka 3. Hayakingi jua. Weka mahali pasipo joto. Nambari ya mchanganyiko, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, jina la mtengenezaji na mahali alipo."

Haya ndiyo mambo ya msingi yanayotakiwa pia na kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346. Nambari ya mchanganyiko si urembo. Mteja mmoja akitokwa na upele, utajua ni vikopo vipi 9 vingine vya kurudishwa.

Jambo la mwisho ni alama ya KEBS. Usiichapishe kabla ya kupewa kibali, hata kama mafuta yako ni bora. Nawe mnunuzi, ukiiona alama hiyo, tuma ujumbe mfupi kwa 20023 ukiandika SM# na kufuatiwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama. Jibu litakuonyesha kama kibali kipo na ni cha nani. Kama jina utakaloletewa si lile lililo kwenye kikopo, usikinunue.