Mkono Usikamuliwe Kama Dekio

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, kikundi chetu kilikuwa na katuni ya sekunde 40 yenye kasoro moja tu. Mama ntilie anageuza chapati. Kiganja kinaanza kikiwa kimeangalia chini, anaishika chapati pembeni, anaigeuza, kiganja kinamalizia kikiwa kimeangalia juu. Uso ulitoka vizuri, moshi ulitoka vizuri, na chapati yenyewe ilitamanisha. Ila kila alipogeuza, mkono wake ulinywea pale kwenye kifundo mpaka ukabaki kama kijiti, halafu ukafumuka tena. Mwenzetu mmoja akachungulia skrini akasema, "Oya, mbona mama wa watu mnamkamua kama dekio?"

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana naandika haya. Ukijifunza kutengeneza rigi ya mwili katika Blender, ishu hii utakutana nayo, na mara nyingi utakutana nayo usiku kama ule.

Anza na mkono wako mwenyewe. Weka kiwiko mezani, dole gumba juu, kisha geuza kiganja kiangalie chini, halafu juu. Tazama ngozi. Karibu na kiwiko haisogei sana, katikati inasogea kiasi, na karibu na kifundo inazunguka karibu sawa na kiganja. Kumbe kifundo chenyewe hakijisokoti. Kinachozunguka ni kigasha kizima, kwa sababu ndani yake mna mifupa miwili, rediasi na alna, na rediasi hujipindua juu ya alna. Kutoka dole gumba juu, mtu wa kawaida hufika kama nyuzi 80 hadi 90 kila upande.

Rigi yetu haikuwa na habari hiyo. Ilikuwa na mfupa mmoja wa kigasha na mmoja wa kiganja, basi. Mzunguko wote ulikuwa unatokea kwenye ukanda mwembamba wa ngozi unaogawana uzito kati ya mifupa hiyo miwili. Sasa, kompyuta inapokuta kipeo cha meshi chenye uzito nusu kwa nusu, hufanya hesabu rahisi: inatafuta kipeo kingekuwa wapi kama kingefuata kigasha, kingekuwa wapi kama kingefuata kiganja, kisha inakiweka katikati ya mstari ulionyooka kati ya sehemu hizo mbili. Mstari ulionyooka hukata ndani ya duara, kwa hiyo kipeo husogea kuelekea kitovu cha mkono. Kiasi kinachobaki ni hiki:

```
r_mpya = r * cos(mzunguko / 2)
```

Chukua kifundo chenye nusu kipenyo cha sm 3. Ukizungusha nyuzi 90, kinabaki sm 2.1. Ukizungusha nyuzi 180, kosaini ya 90 ni sifuri, kwa hiyo ngozi yote inakutana kwenye nukta moja. Sisi tulikuwa tumefunga meshi kwenye mifupa kiganja kikiwa chini, na chapati inataka kiganja kifike juu. Nyuzi 180 kamili. Ndiyo ile karatasi ya peremende iliyosokotwa.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza hayahusu mfupa wowote mpya. Funga meshi dole gumba likiwa juu, ili safari ndefu kuliko zote iwe nyuzi 90 kila upande badala ya 180 upande mmoja. Baada ya hapo ndipo tunagawa hizo 90.

Tuliweka mifupa mitano mifupi ndani ya kigasha, yote ikiwa watoto wa mfupa mmoja, ule wa kigasha, na yote ikiwa kwenye mstari wake. Kigasha chetu kilikuwa na urefu wa sm 24, kwa hiyo kila mfupa una kituo chake: sm 0 kwenye kiwiko, 6, 12, 18, na 24 kwenye kifundo. Majina tuliyaandika kwa kupokezana: `msokoto_0`, `msaidizi_1`, `msokoto_1`, `msaidizi_2`, `msokoto_2`.

Mifupa ya msokoto ndiyo inayosikiliza kiganja. `msokoto_0` haizunguki kabisa, `msokoto_1` inachukua nusu ya mzunguko, na `msokoto_2` inauchukua wote. Mifupa saidizi haikijui kiganja. Kila mmoja unawatazama majirani zake wawili tu na kukaa katikati yao. Kiganja kikizunguka nyuzi 90, mifupa inasimama kwenye 0, 22.5, 45, 67.5 na 90.

Sasa rudia hesabu. Katikati ya kigasha, tuseme nusu kipenyo ni sm 4. Kwa mifupa ya msokoto peke yake, kila hatua ni nyuzi 45, na pale pabaya zaidi panabaki sm 3.70. Ukiingiza wasaidizi, hatua inakuwa 22.5 na panabaki sm 3.92. Upungufu umeshuka hadi chini ya milimita moja, na hakuna mtazamaji atakayeuona.

Utauliza, kwa nini tusiweke mifupa mitano ya msokoto, yote isikilize kiganja moja kwa moja? Inawezekana. Faida ya kupokezana inaonekana siku ya kurekebisha. Sisi tuliona ngozi karibu na kiwiko inazunguka mno kuliko ya mtu halisi. Tukashusha `msokoto_1` kutoka 0.5 hadi 0.4, na wasaidizi wakahama wenyewe kwenda 0.2 na 0.7. Namba moja ilibadilika, mkono mzima ukajipanga upya. Kama yote mitano ingejitegemea, ungekaa unabadilisha namba moja baada ya nyingine huku ukibahatisha.

Utekelezaji uko hivi. Mfupa wa msokoto ubadilishe kwanza kutoka `Quaternion` uwe `XYZ Euler`. Kisha kwenye mzunguko wake wa Y, ambao katika Blender ndio unaofuata urefu wa mfupa, bonyeza kulia na uchague `Add Driver`. Aina iwe `Scripted Expression`. Ongeza kigezo cha `Transform Channel` ukipe jina `roll`, kielekeze kwenye mfupa wa kiganja, chagua `Y Rotation`, hali iwe `Swing and Y Twist`, nafasi iwe `Local Space`. Kwa `msokoto_1` andika:

```
roll * 0.5
```

Kwa `msokoto_2` andika `roll` peke yake. Mfupa msaidizi haupewi hesabu. Unawekewa `Copy Rotation` mbili, zote za mhimili wa Y tu na zote `Local Space` kwa pande zote mbili. Ya kwanza inamtazama jirani wa upande wa kiwiko, `Influence` 1. Ya pili, chini yake, inamtazama jirani wa upande wa kifundo, `Influence` 0.5. Ya kwanza inamweka msaidizi alipo jirani mmoja, ya pili inamvuta nusu ya njia kwenda kwa mwingine.

Usiruke hayo maneno `Swing and Y Twist`. Yanatenganisha kujisokota na kukunjika. Ukiyakosa, kiganja kinapokunjwa na kuzungushwa kwa pamoja, sehemu ya mkunjo huhesabiwa kama msokoto, na kigasha kinajizungusha bila kuombwa. Jaribio lake ni jepesi: kunja kiganja nyuzi 60 kuelekea ndani bila kukizungusha. Kigasha kikitikisika hata kidogo, kuna kitu umekosea.

Uzito wa ngozi nao ufuate vituo. Pale sm 6, ngozi yote ni ya `msaidizi_1`. Pale sm 9, nusu ni yake na nusu ni ya `msokoto_1`. Pale sm 12, yote ni ya `msokoto_1`. Kipeo kisiwe na mabwana zaidi ya wawili, na jumla iwe 1. Weka pete ya vipeo kwenye kila kituo na nyingine katikati ya kila vituo viwili, yaani pete tisa. Mifupa yote hii inazunguka kwenye mhimili uleule, kwa hiyo kusogeza mfupa mbele au nyuma kwenye mstari huo hakubadilishi umbo la mkono. Uzito ndio unaoamua.

Makosa mawili yalitupotezea muda zaidi ya mengine. La kwanza, mfupa mkuu wa kigasha tuliuacha ukiwa na tiki ya `Deform`. Ulikuwa bado unashika ngozi, na kwa kuwa wenyewe hauzunguki, uliirudisha ngozi nyuma. Dalili yake ni ngozi ya karibu na kifundo kubaki nyuma ya kiganja. Ondoa tiki, kisha hamisha uzito wake.

La pili, mwenzetu alipanga mifupa kama mnyororo, kila mmoja mtoto wa uliotangulia, huku namba zikiwa zilezile. Mtoto hurithi mzunguko wa mzazi kisha anaongeza wake. Jumlisha 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1 unapata 2.5, kwa hiyo kiganja kilipozunguka 90, kifundo kilifika 225. Ukitaka mnyororo wa mzazi na mtoto, kila mfupa baada ya wa kwanza upewe 0.25 tu.

Blender ina tiki ya `Preserve Volume`, na wengi hukimbilia hapo. Kweli inazuia mkono kunywea. Lakini haisambazi msokoto, wote unabaki palepale kwenye kifundo, na kiungo kinachokunjwa kama kiwiko huweza kuvimba kwa nje. Tena kama unapeleka mhusika kwenye injini ya gemu, usitegemee kwamba itafuata. Hata `Add Driver` na `Copy Rotation` hazisafiri, kwa hiyo kabla ya kuhamisha tumia `Bake Action` ukiwa umewasha `Visual Keying`, ili mizunguko iandikwe fremu kwa fremu.

Mpango huu una mpaka wake. Msokoto husomwa kati ya nyuzi 180 hasi na 180 chanya. Ukizungusha kiganja hadi 190, Blender inasoma 170 hasi, na `msokoto_1` inaruka ghafla kutoka karibu 90 hadi 85 hasi. Kwa binadamu aliyefungwa dole gumba juu hutafika huko. Kwa roboti wa kwenye katuni anayezungusha mkono kama feni, tafuta njia nyingine.

Kujua kama umefaulu, usiangalie mkono mtupu. Upake meshi mistari iliyonyooka kutoka kiwiko hadi kifundo, kisha zungusha nyuzi 90 polepole. Mistari ijipinde taratibu kama nyuzi za kamba iliyosokotwa vizuri. Ikinyooka mahali na kukata kona mahali pengine, hapo penye kona ndipo uzito wako una kasoro.

Sisi tulipaka mistari hiyo saa kumi alfajiri. Mama ntilie akageuza chapati yake, mistari ikapita sawia mpaka kwenye kiganja, na yule jamaa wa dekio alikuwa ameshalala kwenye kiti.