Ni nini kinachoshika mimba kabla kondo halijakomaa?

Wapendwa, mimba ikitoka katika wiki za kwanza, maneno huwa mengi: mama alibeba ndoo nzito, au kuna mtu amemfanyia ubaya. Ni vizuri tujue kwanza kitu gani kinaishika mimba hiyo.

Yai likitoka katika ovari, kifuko lililokuwa ndani yake hakitupwi. Kinajaa chembe za rangi ya manjano na kuwa tezi ndogo isiyo ya ugonjwa, yenye upana wa sentimita 2 hivi. Waganga wanakiita mwili wa njano. Kazi yake ni kutoa projesteroni, homoni inayotunza utando wa ndani wa tumbo la uzazi na kutuliza misuli yake isijikaze.

Mwili wa njano kwa kawaida unaishi siku 14 hivi. Mimba isipoingia, unanyauka, projesteroni inashuka, na mama anaona damu yake ya mwezi. Mimba ikiingia, kiinitete kinapojishikiza ndani ya tumbo kinatuma homoni yake, ile ile inayopimwa katika mkojo. Homoni hiyo inauambia mwili wa njano uendelee kufanya kazi. Kati ya wiki ya 7 na ya 9, tukihesabu tangu damu ya mwisho, kondo la nyuma linapokea kazi hiyo.

Hayo yalionekana wazi katika utafiti wa Arpad Csapo na wenzake, uliotolewa 1972 na 1973. Mwili wa njano ulipoondolewa kabla ya wiki ya 7, mimba ilitoka. Ulipoondolewa baada ya wiki ya 9, mimba iliendelea. Na wale walioondolewa mapema lakini wakapewa projesteroni, mimba yao ilibaki.

Tuchukue mfano wa mama wa hapa Lubumbashi, mwenye mimba ya wiki 6. Ovari yake imejisokota, anaumwa sana upande mmoja, na inabidi apasuliwe. Ikiwa mwili wa njano umeondolewa, anahitaji projesteroni mara moja, mpaka karibu wiki ya 10. Angekuwa na wiki 12, asingeihitaji. Kwa hiyo mama amwambie daktari tarehe ya damu yake ya mwisho.

Lakini dawa hiyo haiokoi kila mimba. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu mwanzo. Hapo projesteroni hushuka kwa sababu mimba imekwisha kusimama. Utafiti wa Uingereza wa 2019 ulionyesha faida hasa kwa mama anayetoka damu na aliyewahi kupoteza mimba. Huyo aende hospitali mapema, apimwe kwa ekografi. Na yule ambaye mimba yake imetoka, tusimtafutie kosa.